Baringo: Nyasi Zimerudi, Lakini Je, Ardhi Imepona?

Ukisimama kwenye tambarare ya Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo nchini Kenya, wakati wa kiangazi, unaweza kuona ardhi za aina tatu kwa kugeuza shingo tu. Huku kuna ardhi tupu, ngumu kama sakafu, iliyochanwachanwa na mifereji ya maji ya mvua zilizopita. Kule, nyuma ya uzio, kuna nyasi zilizokomaa zikawa rangi ya dhahabu, masuke yake yakiyumba kwa upepo. Na mbele yako kuna ukuta wa kijani: vichaka vya mathenge vilivyosongamana, vyenye miiba mirefu ambayo hutoboa hata gurudumu la baiskeli.

Mtu aliyeketi mjini akiangalia picha ya setilaiti ya mwezi huo ataona hadithi nyingine. Ardhi tupu itaonekana kahawia. Nyasi zilizokauka nazo zitakaribia kufanana na ardhi tupu. Mathenge, usiopukutisha majani hata jua liwe kali vipi, utang'aa kijani. Akiwa ameambiwa kwamba kipimo cha mafanikio ni ukijani, basi tuzo ya kurejesha ardhi iliyoharibika ataupa mathenge, mti vamizi.

Hapo ndipo penye kiini cha taaluma nzima ya kurejesha ardhi. Kupanda mbegu na kuzungushia uzio ni kazi ngumu, lakini kuna kazi nyingine inayofanyika kabla ya jembe kuingia shambani na ambayo watu wachache huiona: kuamua ni kitu gani kitapimwa, na kitalinganishwa na nini. Baringo ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hilo, kwa sababu dawa mbili za kidonda kimoja zilianza kutumika hapo karibu wakati mmoja, na zaidi ya miaka thelathini baadaye watafiti wakaenda kuzipima zote mbili.

Dawa mbili za kidonda kimoja

Uharibifu wa malisho ya Baringo si habari mpya. Tayari katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo katika maeneo ya Watugen, Wailchamus na Wapokot. Kisa chenyewe kilikuwa na mambo mengi: ukame, nzige, mifugo iliyobanwa katika eneo dogo baada ya ardhi nyingine kuchukuliwa na walowezi. Matokeo yalikuwa yaleyale. Nyasi za kudumu ziliisha, udongo ukabaki uchi, na tone la mvua lililopaswa kuzama likawa linapiga udongo wa mfinyanzi, linaufunga matundu yake, kisha linateleza kwenda ziwani likiwa limebeba tope.

Mwaka 1982 ulianza mradi mdogo wa kurejesha malisho, ambao baadaye ulijulikana kama RAE, kifupi cha jina la Kiingereza la shirika la kurejesha mazingira makavu. Njia yake ilikuwa ya kuonekana kwa macho: kulima ardhi iliyoganda, kutengeneza vituta vya kuzuia maji yasikimbie, kupanda mbegu za nyasi za kienyeji zinazostahimili ukame kama vile Cenchrus ciliaris, yenye suke linalofanana na mkia wa mbweha, na Eragrostis superba, kisha kuzuia mifugo kwa uzio mpaka nyasi zishike. Baada ya hapo wenye shamba huruhusiwa kulisha kwa zamu, kukata nyasi za kuezekea na kuvuna mbegu za kuuza.

Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980, mradi mwingine wa kuni na upandaji miti, ulioungwa mkono na FAO, ulileta mathenge, mti wenye asili ya Amerika. Vigezo vya mradi huo vilikuwa wazi: mti ukue haraka, usife kwa ukame, utoe kuni, ufunike ardhi tupu. Mathenge ulifaulu mtihani huo kwa alama za juu kabisa. Tatizo ni kwamba mtihani wenyewe haukuuliza swali la nyasi, wala la mbuzi, wala la mahali ambapo mti huo ungekuwa baada ya miaka thelathini.

Jibu la swali hilo la mwisho linajulikana sasa. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mathenge ulifunika hekta 882 za Baringo mwaka 1988. Kufikia mwaka 2016 ulikuwa kwenye hekta 18,792. Katikati ya miaka ya 2000 Wailchamus walikwenda mahakamani Nairobi wakiwa na mbuzi asiye na meno kama kielelezo cha ushahidi, wakieleza kwamba maganda matamu ya mathenge ndiyo yaliyoyaozesha.

Vipimo vitatu, hukumu tatu

Mwaka 2020 kundi la watafiti, likiongozwa na mwanasayansi wa Kenya Purity Rima Mbaabu, lilichapisha matokeo ya kazi iliyolinganisha ardhi za Baringo. Walipima nyanda za nyasi ambazo hazijaharibika, nyanda zilizoharibika, nyanda zilizorejeshwa, na zile zilizovamiwa na mathenge. Hawakuchukua kipimo kimoja. Walichukua vitatu: kaboni iliyomo udongoni, wingi wa majani na nyasi za malisho, na idadi ya aina za mimea.

Kwa kipimo cha kwanza, kaboni, mashamba ya nyasi yaliyorejeshwa kwa miaka thelathini yalikuwa yamejaza tena udongo hadi kina cha mita moja, kwa kasi ya asilimia 1.4 kwa mwaka. Mathenge nao uliongeza kaboni, lakini hasa katika sentimita 30 za juu.

Tofauti hiyo ya kina inaweza kuonekana ndogo, lakini ina uzito. Miongozo mingi ya kuhesabu kaboni ya udongo, ikiwemo ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, huanzia na sentimita 30 za juu kama kiwango cha kawaida, kwa sababu kuchimba zaidi ni gharama. Mtafiti wa Baringo ambaye angeishia hapo angeiona sehemu kubwa ya kile ambacho mathenge umeongeza, na angekosa sehemu ya kile ambacho mizizi ya nyasi imeweka chini yake. Kwa hiyo hata baada ya kuchagua kaboni kama kigezo, bado lipo swali la urefu wa chuma cha kuchimbia, na urefu huo unaweza kubadilisha mshindi.

Kipimo cha pili kilikuwa malisho. Hapa mambo yalikuwa bayana: mashamba ya nyasi yalikuwa yamefikia kiwango cha nyanda zisizoharibika, ilhali chini ya mathenge nyasi zilikuwa zimedhoofika.

Kipimo cha tatu, idadi ya aina za mimea, kilileta habari isiyopendeza kwa upande wa nyasi. Miaka thelathini baadaye, mashamba yaliyorejeshwa bado yalikuwa na aina chache kuliko nyanda ambazo hazikuharibika.

Sababu si ngumu kuziona. Mbegu zinazopandwa ni za aina chache, zile zinazoota kwa urahisi na zenye soko. Cenchrus ikishika hujaza nafasi yote na kuwabana wengine. Na mimea mingi midogo ya nyanda za asili, ile yenye viazi na vikonyo chini ya ardhi ambavyo huiwezesha kuchipua baada ya moto au malisho, haina mbegu dukani wala haisafiri mbali yenyewe. Baringo haiko peke yake katika hili. Mwaka huohuo wa 2020 Ashish Nerlekar na Joseph Veldman walikusanya tafiti 31 za nyanda za nyasi kutoka mabara mbalimbali, wakakuta kwamba nyanda iliyoharibiwa ikarudi huhitaji angalau karne moja, na mara nyingi zaidi ya hapo sana, kufikia wingi wa aina iliokuwa nao.

Basi mradi wa nyasi wa Baringo ulifaulu au ulifeli? Ulifaulu kwa kaboni, ukafaulu kwa malisho, ukabaki nyuma kwa aina za mimea. Jibu la neno moja halipo.

Kwa nini wastani hudanganya

Wafadhili hupenda jibu la neno moja, au angalau nambari moja. Namna ya kawaida ya kuipata ni hii: chukua thamani ya shamba lililorejeshwa, toa thamani ya ardhi iliyoharibika, kisha gawanya kwa pengo lililopo kati ya ardhi nzima na ardhi iliyoharibika. Hesabu hiyo ni nzuri, maana inaonyesha ni sehemu gani ya safari imekwisha.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye nambari nyepesi. Ardhi tupu ina gramu 40 za nyasi kavu kwa mita ya mraba, nyanda nzima ina 280, na shamba lililorejeshwa lina 220. Pengo zima ni gramu 240, na shamba limeshapiga hatua ya gramu 180. Hiyo ni asilimia 75 ya safari. Sasa hesabu aina za mimea. Ardhi tupu ina aina 6, nyanda nzima ina 26, shamba lina 9. Pengo ni aina 20, shamba limepiga hatua ya 3, yaani asilimia 15.

Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata asilimia 45, na ripoti itasema ardhi "imepona karibu nusu". Mfugaji akiisoma atadhani malisho ni nusu, kumbe yamefika robo tatu. Mtaalamu wa mimea atadhani nusu ya aina imerudi, kumbe ni chini ya moja ya sita. Nambari hiyo moja imewapotosha wote wawili. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya Jumuiya ya Urejeshaji wa Ikolojia, toleo la pili la mwaka 2019, huonyesha hali ya eneo kwa gurudumu lenye sehemu sita, kila moja ikipewa nyota zake: vitisho vilivyoondolewa, hali ya udongo na maji, aina za viumbe, muundo wa uoto, utendaji kazi wa mfumo, na uhusiano wake na maeneo ya jirani. Msomaji huona mara moja upande upi umejaa na upi uko wazi.

Katika hesabu ile kuna jambo jingine ambalo mtu anaweza kulipita. Inahitaji nambari tatu, siyo mbili. Bila ardhi iliyoharibika na kuachwa bila kuguswa, hakuna njia ya kujua kama nyasi zimerudi kwa sababu ya mradi au kwa sababu mvua ilikuwa nzuri mwaka huo. Miradi mingi hupiga picha kabla, ikapiga picha baada, na picha ya baada ikapigwa wiki tatu baada ya masika. Wakati huo hata barabara ya vumbi huwa na majani pembeni.

Kutafuta kielelezo

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye ile nambari ya juu, ya ardhi nzima. Eneo hilo ambalo shamba linalinganishwa nalo tuliite eneo kielelezo. Litapatikana wapi katika wilaya ambayo ripoti za uharibifu wake zina umri wa karibu miaka mia?

Kosa la kwanza ni kukimbilia pazuri. Mtu akisikia "nyanda za nyasi Afrika Mashariki" hufikiria Maasai Mara au Serengeti. Lakini Marigat, mji wa tambarare ya Njemps, hupata kama milimita 650 za mvua kwa mwaka, na jua lake hukausha maji mengi kuliko hayo. Mara hupata mvua zaidi. Nyasi fupi za kusini mwa Serengeti nazo zimeota juu ya majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, udongo ambao haufanani na tope la mafuriko lililolala kando ya Ziwa Baringo. Kulinganisha Baringo na Serengeti ni kumpima mtoto wa jirani kwa nguo za mtoto wako. Eneo kielelezo linapaswa kufanana na shamba kwa mambo ambayo binadamu hawezi kuyabadilisha: udongo, mwinuko, mteremko na mvua. Litofautiane nalo kwa jambo moja tu, uharibifu.

Kosa la pili ni kukimbilia zamani. Zamani ipi? Mpelelezi Joseph Thomson alipita Njemps mwaka 1883 na kuwakuta wenyeji wakilima nafaka kwa maji ya mifereji, kwa hiyo hata wakati huo tambarare haikuwa pori ambalo halijaguswa. Kila kizazi hudhani hali iliyoikuta kikiwa kitoto ndiyo hali ya kawaida. Mzee wa miaka sabini atakutajia nyasi ambazo kijana wa ishirini hajawahi kuzisikia, na baba yake mzee huyo angetaja nyingine. Kumbukumbu za wazee ni hazina, hasa kwa majina ya mimea na mahali ilipokuwa ikiota, lakini zinahitaji kupimwa pamoja na picha za angani za zamani na mimea mikavu iliyohifadhiwa kwenye makumbusho.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kielelezo kizuri ni mahali ambapo mifugo haijaingia kabisa. Nyanda za nyasi za Afrika zimekua pamoja na midomo, kwato na moto. Ukifunga eneo kwa uzio miaka kumi bila kulisha wala kukata, nyasi kuu hujifunika kwa majani makavu, vikonyo vipya hukosa mwanga, na aina ndogo hupotea. Eneo kama hilo lina uzito mwingi wa nyasi na maisha machache. Kielelezo cha malisho lazima kiwe mahali panapolishwa, ila kwa kiasi.

Kwa kazi ya shambani, vielelezo hupatikana vipande vipande: malisho ya akiba ya kiangazi ambayo wazee wameyasimamia kwa ukali, uwanja mpana wa shule au kanisa uliozungushiwa uzio siku nyingi, kando ya uwanja mdogo wa ndege, makaburini. Tanzania, katika Shinyanga, ngitili za Wasukuma zingeweza kufanya kazi hiyo, kwa kuwa ni malisho yaliyotengwa na jamii yenyewe kwa ajili ya miezi ya njaa. Hakuna kipande kimoja kinachotosha. Wanasayansi Ruiz-Jaen na Aide, walipochambua tafiti 68 za mafanikio ya urejeshaji mwaka 2005, walishauri angalau maeneo kielelezo mawili, kwa sababu eneo moja haliwezi kukuonyesha tofauti za kawaida zilizopo kati ya nyanda nzima na nyanda nzima.

Baringo inaongeza sababu nyingine ya kuwa na vielelezo vingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda na kumeza shule, nyumba na malisho ya kando. Mtafiti aliyeweka kielelezo chake cha pekee karibu na ufuo angekikuta chini ya maji pamoja na kumbukumbu zake zote.

Fremu, kopo na hatua mia

Vipimo vyenyewe havihitaji maabara ya fahari. Kinachotumika zaidi ni fremu ya mraba ya mita moja, ya mbao au nondo. Huwekwa chini, mimea iliyomo huhesabiwa kwa aina, kisha hukatwa kwa makasi, hutiwa kwenye mfuko wa karatasi, hukaushwa kwenye oveni mpaka uzito usipungue tena, na kupimwa. Uzito wa nyasi mbichi haufai, kwa sababu unapima umande na mvua ya jana.

Hila hujificha mahali fremu inapowekwa. Mkono wa binadamu hupenda kuiweka penye nyasi nzuri. Kwa hiyo vituo huchaguliwa mezani, kwenye ramani, kabla ya kwenda, na aliye shambani huweka fremu kwenye kituo hata akikuta kichuguu au njia ya ng'ombe. Idadi ya fremu nayo iwe sawa kila upande, maana kadiri unavyotafuta ndivyo unavyopata aina nyingi zaidi. Fremu thelathini katika shamba na kumi katika kielelezo zinaweza kumpa mwenye mradi ushindi wa bure.

Kipimo cha pili ni miguu. Mtu hutembea hatua mia moja kwa mstari ulionyooka, na kila hatua hutazama ncha ya kiatu chake imegusa nini: shina la nyasi, majani makavu yaliyoanguka, au udongo mtupu. Mashina ndiyo yanayohesabiwa, siyo kivuli cha majani, kwa kuwa majani huja na kwenda na mvua lakini shina la nyasi ya kudumu hukaa. Hatua 60 zikigusa udongo mtupu katika shamba ambalo kwa mbali linaonekana kijani, mtembeaji amejua kwamba mvua kubwa ijayo bado itaondoka na udongo.

Kipimo cha tatu ni kopo. Kopo kubwa la bati lililotobolewa pande zote mbili hugongwa kidogo ardhini, hujazwa maji, na saa huwashwa. Kwenye ardhi iliyoganda maji hukaa juu yakikuangalia. Ndani ya shamba lenye mizizi hai huzama haraka zaidi. Wafugaji waliosimama kando hawahitaji maelezo ya mtaalamu, wanaona wenyewe.

Kuandika kigezo kabla ya mvua

Kigezo kinachoandikwa baada ya matokeo kupatikana si kigezo. Mradi ulioahidi "kuboresha malisho" utafaulu daima, kwa kuwa kitu fulani lazima kitakuwa kimeboreka. Kigezo chenye meno hutaja kipimo, mahali, wakati na kiwango cha chini. Kwa shamba kama yale ya Baringo kinaweza kuandikwa hivi: "Ifikapo mwisho wa masika ya mwaka wa tano, uzito mkavu wa nyasi shambani usipungue theluthi mbili ya wastani wa maeneo kielelezo matatu yaliyopimwa wiki hiyohiyo, na angalau nusu ya uzito huo iwe ni nyasi za kudumu."

Angalia kwamba sentensi hiyo haitaji gramu. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Mradi ulioahidi gramu 200 kwa mita ya mraba ungehesabiwa umefeli kwa kosa la mawingu. Ulioahidi theluthi mbili ya kielelezo ungebaki na haki yake, kwa kuwa ukame huo ungekipiga kielelezo pia. Katika mwaka wa mvua tele nao usingejipatia sifa za bure.

Vilevile kila kigezo kipewe muda unaolingana na mwendo wake. Nyasi zinaweza kufunika ardhi ndani ya misimu michache. Kaboni ya Baringo ilipimwa kwa miongo. Aina za mimea zinaweza kuhitaji zaidi ya umri wa mtu. Mradi wa miaka mitano unaoahidi kurudisha aina zote za mimea unaahidi kisichowezekana. Unaoahidi kwamba katika mwaka wa tano aina tano za kienyeji zilizopandwa kwa vipandikizi zitakuwa zimetoa maua, unaahidi kitu kinachoweza kuhakikiwa.

Halafu lipo swali la nani anayechagua. Kwa mfugaji wa Marigat, shamba limepona kama ng'ombe anapata kushiba mwezi wa Februari. Kwa mama anayeezeka nyumba, kipimo ni urefu na ugumu wa unyasi. Kwa mnunuzi wa hewa ya ukaa ni tani za kaboni. Kwa mtaalamu wa mimea ni yale maua madogo ambayo hayajarudi. Matakwa haya hayapingani yote, lakini yanapopingana lazima mtu akubali kupoteza kitu. Kupanda Cenchrus tupu huleta malisho haraka na mbegu za kuuza. Kuchanganya na aina kumi nyingine hupunguza mavuno ya miaka ya mwanzo. Hilo ni jambo la kukubaliana barazani kabla ya trekta kuja, siyo la kugundua katika ripoti ya mwisho.

Swali hili litazidi kuwa zito. Desemba 2022 Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Idadi ya miche ni kigezo rahisi kuhesabu, na penye asili ya msitu kinaweza kuwa mwanzo mzuri. Penye asili ya nyasi, kigezo hichohicho ndicho kilichoipa Baringo mathenge. Kwa hiyo msomaji atakayealikwa kwenye mkutano wa kijiji kusikiliza mradi wa kurejesha malisho anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kuinua mkono wa kukubali: mtapima nini mbali na ukijani, mtalinganisha na mahali gapi, na kipande gani cha ardhi iliyoharibika mtakiacha kama kilivyo ili tujue tofauti imeletwa na nani?